Somo: Kuondoa vifungu vilivyojirudia katika rasimu ya mkataba wa pango

Aya iliyojirudia neno kwa neno huonekana mapema na madhara yake ni madogo. Inayoumiza ni ile iliyojirudia kisha nakala moja ikarekebishwa wakati wa majadiliano, nyingine ikabaki na masharti ya zamani. Nitatumia mkataba wa fremu ya duka niliopewa niupitie kabla ya kusainiwa. Kodi ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Katika rasimu ya kwanza, kifungu cha 6 kilimtaka mpangaji anayeondoka mapema atoe notisi ya miezi 3. Pande zote zilikubaliana iwe mwezi 1, na mwandishi akanakili aya hiyo, akaibandika katika kifungu cha 14 chini ya kichwa cha kuvunja mkataba, akairekebisha huko, lakini ile ya kifungu cha 6 hakuifuta. Tofauti kati ya vifungu hivyo viwili ilikuwa shilingi 800,000.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza nakala ya kufanyia kazi, kwa sababu tutakayoifanyia hayafai kabisa kufanyiwa rasimu yenyewe. Katika nakala hiyo kubali mabadiliko yote yaliyofuatiliwa kwa Track Changes ya Word, na kama namba za vifungu ziliandikwa kwa mkono, zifute.

Hatua ya pili ndiyo yenye manufaa makubwa. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, kisha katika Word nenda Home, ubonyeze Sort, na upange aya kwa alfabeti. Mkataba utavurugika, lakini aya zinazoanza kwa maneno yaleyale zitakaa jirani. Katika mkataba wangu aya mbili zilizoanza na “Mpangaji anayetaka kuondoka kabla ya muda kwisha” zilifuatana, moja ikisema miezi 3 na nyingine mwezi 1. Namba za nakala hii usiziamini tena, kwani Word huzipanga upya; chukua maneno machache ya aya, urudi kwenye rasimu na uyatafute kwa Ctrl+F.

Njia hiyo haikamati aya zenye maana moja zinazoanza tofauti, kwa mfano “Iwapo mpangaji ataondoka”. Kwa hiyo hatua ya tatu ni kutafuta, ndani ya rasimu, maneno yanayobeba wajibu: notisi, siku, miezi, amana, riba, matengenezo. Kila yanapotokea, andika pembeni namba ya kifungu na kiasi kilichotajwa. Jambo moja likiwa na viasi viwili, umepata ulichokuwa unakitafuta.

Hatua ya nne ni kuamua ipi ibaki. Usidhani kwamba iliyo mwishoni ndiyo mpya. Linganisha rasimu za zamani kwa Review, kisha Compare, na usome barua pepe za majadiliano mpaka uone sharti lilibadilishwa lini na nani aliridhia. Usipopata ushahidi, waulize wahusika wote wawili kwa maandishi.

Kabla ya kufuta, tafuta namba ya kifungu kinachoondoka. Katika mkataba ule kifungu cha 11, kinachohusu kurudishwa kwa amana, kilitaja “notisi iliyo katika kifungu cha 6”, hivyo kufuta peke yake kungeiacha amana ikining'inia. Futa huku ufuatiliaji wa mabadiliko ukiwa umewashwa ili upande wa pili uone kilichoondolewa, urekebishe marejeo, kisha usome mkataba wote upya tangu mwanzo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kama aya mbili zinafanana herufi kwa herufi, kuna haja gani ya kuifuta moja?

Jibu: Ipo. Katika majadiliano yatakayofuata mtu atarekebisha ile anayoiona, na hapo ndipo zitakapoanza kupingana.

Swali: Nilimfutia mwenzangu aya aliyoihamisha, lakini ikarudi. Kwa nini?

Jibu: Aya iliyokatwa na kubandikwa huku mabadiliko yakifuatiliwa yaweza kubaki kama mabadiliko mawili: ufutaji mahali pa zamani na uingizaji mahali papya. Mtu akikubali uingizaji na kukataa ufutaji, aya inabaki sehemu zote mbili. Yaamue yote mawili kwa pamoja.

Swali: Ndugu, mimi nimekwisha kusaini mkataba wenye notisi mbili. Je, nikate moja kwa kalamu?

Jibu: Usikate peke yako. Andikeni nyongeza fupi ya marekebisho inayotaja kifungu kinachofutwa na kinachobaki, msaini nyote mbele ya mashahidi, sasa hivi ambapo bado mnaelewana. Kwa Tanzania, kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hubatilisha makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana kwa hakika. Sidhani kwamba notisi mbili peke yake zitaubatilisha mkataba wako wote, ila huna sababu ya kumwachia mtu mlango wa kuileta hoja hiyo mahakamani.