Kosa sugu au lahaja? Namna ya kuamua unaposahihisha waraka wa nchi zaidi ya moja

Tuchukue kipeperushi cha afya kilichoandikwa Unguja, kitakachosomwa Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya. Ndani yake mna sentensi hii:

"Mtoto akiharisha zaidi ya masaa 24, mpelekeni kituo chengine cha afya, na ripoti yake iwakilishwe kwa mwalimu mkuu wa skuli."

Maneno manne yanahitaji kuangaliwa: masaa, chengine, iwakilishwe na skuli. Msahihishaji wa Nairobi anaweza kuyafuta yote. Wa Unguja anaweza kuyapita yote, kwani anayasikia kila siku. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Hatua ya 1: Weka alama, usisahihishe

Katika usomaji wa kwanza zungushia kila neno linalokutia shaka, kisha andika pembeni *k* kwa kosa, *l* kwa lahaja, au alama ya kuuliza. Ukianza kurekebisha papo hapo, kila mara utakuwa unafuata masikio yako, na masikio ya mtu ni ya mji wake.

Hatua ya 2: Angalia kama maana imehama

Anza na hili kwa sababu ndilo jepesi. Kuwakilisha ni kusimama kwa niaba ya mtu. Kuwasilisha ni kufikisha kitu. Ripoti huwasilishwa. Hakuna lahaja inayohusika hapa, ni sauti mbili zilizokaribiana tu. Neno hili utalikuta hata katika barua za ofisi, lakini wingi wa watumiaji hauligeuzi kuwa sahihi. Andika *k*.

Hatua ya 3: Tafuta utaratibu wake

Lahaja haibadilishi neno moja peke yake. Ukiona *chengine*, tafuta ndugu zake: mwengine, nyengine, vyengine, jengine. Kwa Kiunguja zote zina *e*. Bara utasoma mwingine, nyingine, kingine, vingine, jingine. Kumbe hata huko *e* ipo katika *wengine* na *pengine*. Basi *chengine* ina mpango wake, haikuteleza kalamuni. Andika *l*.

Upatanisho wa kisarufi nao hutofautiana namna hii. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Ukimfutia Mzanzibari *la* hiyo, unaisahihisha taasisi yenye kazi ya kuisimamia lugha.

Hatua ya 4: Uliza neno lina kwao wapi

Neno la lahaja lina mji wake. *Skuli* utaliona katika nyaraka za elimu za Zanzibar, zilizohaririwa kwa makini. Ukivuka bahari linakuwa *shule*. Kwa kutafuta mtandaoni, andika hivi:

```
site:go.tz "masaa 24"
site:go.ke "masaa 24"
```

Usitegemee idadi ya matokeo. Fungua kurasa kadhaa uzisome. Kumbuka kwamba `go.tz` inabeba ofisi za Bara na za Zanzibar pamoja, kwa hiyo tazama waraka umetoka ofisi gani.

*Masaa* ndilo linalosumbua zaidi. Linatumika pande zote, halina mji unaoweza kulidai. Saa ni ya ngeli ya *i-/zi-*: saa mbili zimepita. Anayeongeza *ma-* mara huandika "masaa mawili", mara "masaa mbili", pengine katika waraka huohuo. Wapo wanaolitetea kwa maana ya muda mrefu, na katika mazungumzo halidhuru. Katika waraka rasmi tunaliandikia *k*, kwa kuwa "saa 24" haipingwi na msomaji yeyote.

Hatua ya 5: Amua kwa waraka mzima

Neno kuwa sahihi hakutoshi. Lazima lieleweke na lisichanganywe. *Tungule* ni sahihi kabisa, lakini kwa msomaji wa Nairobi liandike "tungule (nyanya)" linapotokea mara ya kwanza. *Skuli* linaeleweka kutokana na muktadha, na katika jina rasmi la skuli haliguswi kamwe.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu: *chengine* ukurasa wa kwanza, *kingine* wa pili. Tafuta `ngine` katika faili nzima upate maumbo yote, kisha pita moja moja. Usiamuru kompyuta igeuze kila `engine` kuwa `ingine`. Utapata nyingine na mwingine salama, lakini *pengine* itakuwa "pingine", *wengine* itakuwa "wingine", na *chengine* itakuwa "chingine", neno lisilokuwepo Bara wala Visiwani.

Kwa kuwa kipeperushi chetu kinatolewa na ofisi ya Unguja, sentensi itabaki hivi:

"Mtoto akiharisha zaidi ya saa 24, mpelekeni kituo chengine cha afya, na ripoti yake iwasilishwe kwa mwalimu mkuu wa skuli."

Maneno mawili yamebadilishwa, mawili yameachwa. Mpelekee mwandishi orodha ya yote manne pamoja na sababu zake, hasa ya yale uliyoyaacha, ili msahihishaji atakayekuja baadaye asiyafute.