Kibwagizo kimoja, picha tatu: kugeuza mashairi kuwa skripti ya video ya muziki

Msanii anapoleta wimbo, wazo lake la video huwa sentensi moja tu. Kwa somo hili nimetunga mfano: wimbo wa taratibu wa dakika 3 na sekunde 20, na msanii anasema, "Jamaa anaenda baharini, msichana anamsubiri, mwisho anarudi wanakumbatiana." Ubeti wa kwanza una mistari hii:

*Nimeacha taa dirishani, usije ukapotea njia*
*Mafuta napima kwa kijiko, usiku wote nasubiria*

Ubeti wa pili:

*Nakaanga mihogo jioni, mdogo wangu ada itimie*
*Wakiniuliza habari zako, nacheka wasinisikitikie*

Na kibwagizo:

*Rudi, rudi, utambi haujaisha*
*Rudi, rudi, taa bado naiwasha*

Hatua ya 1: Chora ramani ya sekunde

Usiandike onyesho lolote kabla prodyuza hajakupa miksi ya mwisho. Akikata baa nne baadaye, skripti yako yote inahama. Muulize na kasi ya wimbo. Wetu una mapigo 96 kwa dakika, kwa hiyo baa moja ya mapigo manne inachukua sekunde 2.5, na baa nane ni sekunde 20. Hapo unajua kila kipande kinaanzia wapi: ala hadi 0:10, ubeti wa kwanza hadi 0:50, kibwagizo hadi 1:10, ubeti wa pili hadi 1:50, kibwagizo hadi 2:10, gitaa peke yake hadi 2:30, kibwagizo mara mbili mfululizo hadi 3:10, kisha sekunde 10 za kufungia.

Ramani hii inakuonyesha jambo ambalo masikio hulipita: kibwagizo kinachukua sekunde 80 kati ya 200, kwa maneno yaleyale. Ukimweka mwimbaji ufukweni akiimba mara zote nne, umepoteza zaidi ya theluthi ya video.

Hatua ya 2: Soma mashairi bila muziki

Yachapishe, uyasome kwa sauti kama habari ya kawaida. Pigia mstari kila kitu kinachoshikika kwa mkono: taa, kijiko, mafuta, utambi, mihogo. Kisha zungushia vitendo: kupima, kukaanga, kucheka. Upweke na mapenzi viache, kwa sababu kamera haiwezi kuvipiga. Vitaonekana kupitia vitu na vitendo hivyo.

Sasa tafuta kitu kimoja kinachoweza kubadilika. Kijiko hubaki kijiko mwanzo hadi mwisho. Taa ya chemli inajazwa, inafifia, inazimika, inahamishwa, inampa mtu mwingine mwanga. Hiyo ndiyo motifu, yaani kitu kinachojirudia na kubeba hadithi. Mbili zinatosha kwa wimbo mmoja. Ya tatu inamchanganya mtazamaji, kwani hajui afuate ipi.

Hatua ya 3: Pambanisha wazo la msanii na kibwagizo

Wazo la kukumbatiana lina tatizo. Kibwagizo cha mwisho bado kinasema "rudi". Jamaa akishafika kwenye 2:30 ya wimbo, mwimbaji anamwita mtu aliyesimama mbele yake. Namna ya kugundua ni rahisi: chukua kila mstari wa wimbo, uuweke juu ya tukio unalotaka, uulize kama msichana angeweza kuutamka dakika hiyo.

Jibu limo kwenye ubeti wa pili. Msichana anakaanga mihogo ili alipe ada ya mdogo wake, na wauza mihogo wa usiku wanahitaji mwanga. Basi taa iliyokuwa ikimsubiri mtu dirishani inaishia mezani pake, ikimulika biashara yake. Jamaa harudi. Neno "rudi" mwishoni anajiambia mwenyewe. Hadithi sasa inaingia katika sentensi moja: msichana anaichukua taa aliyomwashia mwenzake na kuifanya yake. Mpigie msanii umweleze hapahapa, kabla hujaandika zaidi, maana umemwondolea mwisho alioupenda.

Hatua ya 4: Ipe motifu hali tofauti katika kila kibwagizo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Maneno hayabadiliki, kwa hiyo picha ndiyo ibadilike. Kibwagizo cha kwanza, taa imejaa, kioo safi, iko dirishani. Cha pili, kioo kina masizi, mafuta yako chini, na msichana anaitazama bila kuijaza. Kwenye gitaa inazimika, na tunakaa gizani kwa baa moja nzima. Kibwagizo cha mwisho inawaka mezani barabarani, na nyuso za wateja zinaingia kwenye mwanga wake.

Motifu ya pili ni kanga. Kumbuka kwamba mtazamaji wetu atasoma jina la kanga, utake usitake, kwa hiyo lichague wewe. Mwanzoni msichana amejitanda kanga yenye "Subira yavuta heri", na maandishi yanaonekana kwa baa moja, muda unaotosha kusomeka. Mwishoni kanga hiyohiyo, imepauka, imetandikwa mezani na maandishi yamekunjwa kwa ndani. Andika kwenye skripti kwamba zinahitajika doti mbili, moja ifuliwe na kuanikwa juani mapema.

Hatua ya 5: Andika safu tatu

Muda, mashairi, picha. Sentensi za picha ziwe za wakati uliopo, na zisirudie kinachoimbwa. Pale anapoimba "usije ukapotea njia", usionyeshe njia. Huu ni mwisho wa ubeti wa pili na kibwagizo kinachofuata:

| Muda | Mashairi | Picha |
|---|---|---|
| 1:30–1:40 | Wakiniuliza habari zako | Mkono wa mteja unatoa sarafu. Msichana anazihesabu, hainui macho. |
| 1:40–1:50 | nacheka wasinisikitikie | Anacheka. Mteja akigeuka, kicheko kinakatika. Mdogo wake ameona. |
| 1:50–2:00 | Rudi, rudi, utambi haujaisha | Chumbani. Masizi kwenye kioo. Chupa ya mafuta iko karibu, haiguswi. |
| 2:00–2:10 | Rudi, rudi, taa bado naiwasha | Anaimba akiitazama taa. Moto unashuka. |

Mstari wa mwisho unasema "naiwasha" wakati moto unashuka. Mgongano huo ni wa makusudi, na ndio unaoeleza kwamba msichana anaanza kuchoka.

Hatua ya 6: Pima skripti dhidi ya jua na kasi ya kamera

Ukiandika "jua linazama baharini" na lokesheni ni Bagamoyo, umeandika kitu kisichokuwepo: pwani ya Tanzania bara inatazama mashariki, jua linachomoza baharini. Ama onyesho liwe la alfajiri, ama uhamie upande wa magharibi wa Unguja. Tena ule mwanga wa buluu, ambao chemli inang'ara na anga bado linaonekana, hudumu kama dakika 20 tu huku kwetu karibu na ikweta. Usipange zaidi ya picha mbili ndani yake.

Kama unataka mwimbaji asogee polepole huku midomo ikifuata wimbo, iweke alama kwenye safu ya picha. Onyesho litakalopigwa kwa fremu 50 kwa sekunde na kuchezwa kwa fremu 25 linahitaji wimbo uchezwe kwa kasi mara mbili siku ya kushuti, yaani mapigo 192. Prodyuza akutolee faili hilo mapema, na mwimbaji alizoee nyumbani, kwa sababu "utambi haujaisha" kwa kasi hiyo hutoka kinywani kwa shida.