Broila 100: mifuko sita ya chakula, na mizani ya kukuambia kama wanakua

Kwa vifaranga 100, kumbuka moja, mbili, tatu: mfuko mmoja wa stata, miwili ya growa, mitatu ya finisha, kila mmoja kilo 50. Ukilisha vizuri, siku ya 35 kuku ana kilo 1.9 hadi 2 akiwa amekula kama kilo 3.

1. Siku ya 1 hadi 14, stata. Chakula kiwepo muda wote. Kesho yake baada ya kuwapokea, shika magole ya vifaranga kadhaa, yaani vifuko vya chakula chini ya shingo: yawe yamejaa na laini. Gole gumu kama punje kavu maana yake amekula bila kunywa maji. Likiwa tupu, huenda anaona baridi na hatoki kwenye joto kwenda kula.

2. Siku ya 15 hadi 24, growa. Siku mbili za mwanzo changanya nusu kwa nusu na stata.

3. Siku ya 25 hadi kuuza, finisha. Badilisha kwa kuchanganya vilevile.

4. Pima kila siku ya saba, asubuhi kabla hujaongeza chakula. Zungushia boksi kona moja ya banda, upime wote walionaswa humo, wasipungue kumi. Ukikamata mmoja mmoja, utaleta wazito tu, kwa sababu ndio wazembe kukimbia. Wastani unaotakiwa:

siku 7: gramu 170
siku 14: gramu 420
siku 21: gramu 850
siku 28: gramu 1,400

Pungufu kidogo si neno. Tuseme siku ya 14 mizani inasoma gramu 340. Usikimbilie duka la dawa. Tazama kwanza mfuko wa stata.

Ukiwa umebaki na kilo kumi na zaidi, hawali. Hesabu vyombo, angalia maji, na usiku uingie bandani: wakiwa wamerundikana, upepo unapenya na nishati ya chakula inaishia kwenye kujipasha joto.

Mfuko ukiwa umeisha na uzito haupo, pekua maranda chini ya vyombo. Ukikuta chakula, inua vyombo hadi ukingo ulingane na mgongo wa kuku. Kinyesi chenye damu kinaashiria ugonjwa wa koksidiosisi; hapo muone mtaalamu wa mifugo.

Vyote vikiwa sawa, shuku chakula, hasa kama unachanganya mwenyewe kwa dagaa wa soko la Mwaloni, Mwanza. Walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga una uzito lakini hauna protini. Koroga kijiko cha unga wa dagaa hao kwenye glasi ya maji, usubiri dakika chache. Mchanga utakaa chini kabisa, unaonekana kwa macho. Ukiwa mwingi, badilisha dagaa. Kuwaongeza ni kuongeza mchanga. Na kwenye finisha wapunguze au uwaache kabisa, la sivyo nyama itanuka samaki na mteja hatarudi.