Kuzungumza na Mtoto kuhusu Mchoro Uliotumwa kwa Simu
Mzazi aliyeko Unguja anapopokea picha ya mchoro wa mwanawe wa miaka 4 aliyebaki Wete, ni bora asiulize, "Hiki ni nini?", kwa sababu swali hilo humwonesha mtoto kwamba mchoro wake haukueleweka. Aikuze picha, ataje anachokiona, kisha asubiri: "Mwanangu, naona duara kubwa jekundu na mistari miwili mirefu chini yake, hebu nihadithie." Huenda ni bibi yake, kwani watoto wa umri huo aghalabu humchora mtu kichwa na miguu tu, na hapana haja ya kuuliza kiwiliwili kiko wapi. Rangi ikionekana hafifu, amuulize mtoto mwenyewe, maana kamera huibadilisha na pengine hukata pembe za karatasi.