Somo: Nyama na hoho kwa moto mkali, kwenye jiko dogo la gesi

Kila wiki swali ni lilelile: "Mbona nyama yangu inatoa maji na hoho zinalegea?" Naandika mara moja, mkiulizwa tena mtaelekezana hapa. Mfano ni nyama ya ng'ombe na hoho, mboga ya kawaida ya majumbani Uchina. Inatosha watu watatu.

1. Kata steki gramu 300 kukingama nyuzi zake, unene wa milimita 3 hivi. Ikiwa imeganda nusu hukatika kirahisi.

2. Changanya na mchuzi wa soya kijiko 1 cha chakula, konflawa kijiko 1 cha chai na mafuta kijiko 1 cha chai. Acha dakika 20.

3. Karoti 1 vijiti vyembamba, kitunguu 1 na hoho 2 vipande vipana, saumu na tangawizi zikatwe ndogo. Mboga zikaushwe kwa kitambaa.

4. Sosi: soya kijiko 1 cha chakula, maji vijiko 3, konflawa nusu kijiko cha chai. Kila kitu kiwe mkononi kabla hujawasha, maana ukianza hakuna muda wa kumenya saumu.

5. Nyama. Hapa ndipo wengi huharibu, nami nimeharibu za kutosha. Pasha karai la chuma likiwa tupu, moto wa mwisho, dakika 3 hadi 4. Dondosha tone la maji: likitandaa na kuchemka, bado, likijiviringa kama shanga, tayari. Zungushia mafuta vijiko 2, na yakianza kufuka moshi mwembamba weka NUSU ya nyama, itandaze, usiiguse kwa sekunde 40. Igeuze, sekunde 20 nyingine, toa. Pasha karai upya, kisha nusu ya pili.

Msimwage zote pamoja. Jiko la nyumbani hutoa kilowati 2 hadi 3, na sehemu kubwa ya joto hilo hupita pembeni mwa karai. Tuseme kinachoingia ni kilowati 1.2. Nyama yote ikiachia maji vijiko vinne vya chakula, kuyageuza mvuke huchukua karibu dakika 2, na muda wote huo nyama imekaa kwenye nyuzi 100. Hapo inachemka. Rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa huja kwenye nyuzi 140 na zaidi. Jiko la mgahawa wa Kikantoni hufika kilowati 20 na kupita, maji hukauka yanapotoka tu. Wewe huna moto huo. Ulichonacho ni joto ulilolihifadhi kwenye chuma, na nyama nyingi hulimaliza mara moja. Dalili iko sikioni: mlio mkali wa kukaangika ukigeuka mbubujiko, umejaza mno.

Usifanye haya kwenye kikaangio kisichogandisha. Kikipashwa kitupu hivyo, utando wake huungua na kutoa moshi wa sumu.

6. Mafuta kijiko 1, karoti dakika 2, kitunguu dakika 1, hoho dakika 1. Saumu na tangawizi sekunde 15, zisiungue.

7. Rudisha nyama na maji yake, koroga sosi (konflawa huzama), mwagia pembeni mwa karai. Ikishika na kung'aa, ipua.

MASWALI

Mkuu, sina muda, nikiweka vyote pamoja?
Soma hatua ya 5.

Nimeweka vyote, imetoa maji.
Ndiyo.

Nikitoa regyuleta ya mtungi ili gesi itoke kwa nguvu?
Usithubutu. Plati za nyumbani hazikutengenezewa presha hiyo, utaunguza nyumba.

Dada, kwa nini karoti itangulie na hoho zisubiri, na zote ni mboga?
Swali zuri. Karoti ni ngumu, joto huchelewa kufika katikati. Hoho ina ukuta mwembamba uliojaa maji. Ikizidi dakika mbili maji yanamwagika na karai linapoa. Ukitumia brokoli, vikonyo vitangulie, vichwa vifuate. Mchicha mwisho kabisa.

Ile harufu ya moshi ya mgahawani, nyumbani inapatikana?
Kidogo. Wakantoni huiita pumzi ya karai. Sehemu yake hutoka pale mpishi anaporusha chakula na matone ya mafuta kushika moto hewani. Kwa moto mdogo usirushe, kila ukinyanyua karai unalipoza.

Jiko la mkaa je?
Mkaa uliokolea na kupepewa unaweza kuishinda plati ndogo, ila upikie nje, moshi wake unaua. Karai la mviringo hukaa vizuri hapo. Kwenye plati bapa tafuta lenye kitako bapa.

Na wali wa kukaanga kwenye karai?
Wali wa jana, uliolala kwenye friji bila kufunikwa sana, uuchambue kwa vidole. Wa leo una mvuke mwingi, utapata bokoboko.