Futa "aidha", tumia -ka-

Jana nilikuwa nasafisha tangazo la kikundi lililoandikwa na mashine, nikagundua kwamba ukifuta "aidha" peke yake sentensi zinabaki zimekatikakatika. Dawa ni kugusa kitenzi kinachofuata. Mashine iliandika: "Wajumbe walifika saa tatu. Aidha, walikagua daftari la michango. Zaidi ya hayo, walichagua mweka hazina mpya." Nikaacha kitenzi cha kwanza na -li-, vingine nikavipa -ka-: "Wajumbe walifika saa tatu, wakakagua daftari la michango, wakachagua mweka hazina mpya." Hiyo -ka- tayari inasema "halafu", ndiyo maana mtu akikusimulia barazani humsikii akisema aidha.

Kama ni maelekezo, anza na -ki- kisha amrisha: "Ukifika, jaza fomu, ulipe ada, uchukue risiti." Hapo -ka- ya masimulizi haina kazi.

Inapogoma ni pale mambo hayafuatani kwa wakati. "Ukumbi ni mkubwa. Aidha, una maegesho" huwezi kutia -ka-; sema tu "Ukumbi ni mkubwa, na maegesho yapo." Na "hata hivyo" usiifute kibubusa, maana imebeba upinzani: weka "lakini" au "ila", la sivyo maana inageuka. Barua ya kwenda ofisi ya serikali mimi huiachia aidha zake, huko ndiko kwao.