Somo: Potifolio ya kuombea kazi ya kuandikwa, dizaina na mwandishi (someni kabla ya kuniuliza)

Swali hili linaniingilia kila wiki na jibu ni lile lile, kwa hivyo naliweka hapa mara moja. Somo ni la mtu anayetafuta kazi ya kuandikwa, ya mshahara mwisho wa mwezi. Potifolio ya kutafutia wateja ni kitu kingine. Mteja anataka kuona kazi inapendeza. Mwajiri anataka kujua ukipewa kazi yenye matatizo, huku bosi hashiki simu, utaamua vipi.

Hatua ya 1. Soma tangazo la kazi. Wakitaka mtu wa vifungashio, usiwapelekee kadi za harusi.

Hatua ya 2. Chagua kazi chache: dizaina 5, mwandishi 4. Iliyo bora kabisa itangulie, inayoifuatia kwa ubora iwe ya mwisho, maana msomaji mwenye haraka huona mwanzo kisha huruka mpaka mwisho. Ile unayoionea haya itoe.

Hatua ya 3. Maelezo ya kila kazi. Leso ina pindo, mji na jina. Watu huangalia rangi za mji, lakini anayenunua lazima asome jina, kwa sababu ndilo litakalomsemea. Potifolio nyingi ninazoletewa ni mji mtupu: picha baada ya picha, hakuna jina. Kila kazi ipe maneno kati ya 80 na 120. Tuseme ulitengeneza menyu ya mkahawa wa biriani pale Bondeni. Maelezo yawe hivi:

> *Menyu ya mkahawa, A4 pande mbili. Menyu ya zamani ilikuwa na vyakula 64 kwenye kurasa 6. Bei zilipopanda zilikatwa kwa kalamu, na wateja wakawa wanamwuliza mhudumu bei huku menyu wameishika. Mwenye mkahawa hakutaka kuchapisha upya kila bei ikibadilika, na pesa za kupiga picha za chakula hazikuwepo. Nilipanga vyakula jinsi watu wanavyoagiza: wali kwanza, kisha mikate, kisha vinywaji. Bei niliziweka kwenye ukanda wa karatasi wa pembeni unaochapwa peke yake, na badala ya kulaminisha nikatumia kifuko cha plastiki ili ukanda uchomolewe. Nembo haikuwa kazi yangu. Tangu hapo bei zimebadilishwa mara mbili kwa kuchapa ukanda tu.*

Tazama kilichomo. Kuna tatizo linaloonekana kwa macho (kalamu juu ya bei), kuna mipaka (pesa, kuchapisha upya), kuna uamuzi mmoja ambao mtu mwingine angeufanya tofauti (kifuko badala ya kulaminisha), na matokeo ambayo mwenye mkahawa mwenyewe akipigiwa simu atayakubali. Hamna "kuleta mvuto wa kisasa". Hamna "mauzo yalipanda asilimia 40" pia. Kama hukuhesabu, usiandike, kwa sababu swali litakalofuata ni "mlihesabuje?" na hapo mahojiano yamekwisha.

Hatua ya 4. Sema sehemu yako. Hii ndiyo niliyoiharibu mimi, basi nisikilizeni. Kazi nyingi hufanywa na watu kadhaa: mmoja kapiga picha, mwingine kaandika maneno, wewe umepanga. Ukiweka bango zima bila kusema neno, msomaji hudhani yote ni yako, na wewe hujadanganya lakini hujasema kweli pia. Mombasa ni ndogo. Anayekuhoji huenda anamjua mpiga picha. Akiuliza "hii picha ulitumia mwanga gani?" ukababaika, atazitilia shaka hata zile kazi nne ulizozifanya peke yako. Dawa ni sentensi mbili chini ya kila kazi: *Sehemu yangu:* mpangilio na fonti. *Sehemu ya wengine:* picha, maandishi.

Tahadhari zake:

- Usiandike "nilishiriki" au "tulitengeneza". Maneno hayo ndiyo yanayoamsha shaka. Andika kitenzi chenye kazi: nilipanga, nilihariri, nilichora, nilihoji.
- Kama ulifuata mwongozo wa rangi na fonti wa kampuni, useme. Kufuata mwongozo ni ujuzi unaotafutwa, lakini ukijidai umebuni rangi utaumbuka.
- Templeti uliyonunua au kuipata bure, itaje. Kisha eleza ulichobadilisha na kwa nini.

Hatua ya 5. Ruhusa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa ya mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi omba, na ombi la ujumbe mfupi latosha: "Naomba kuonyesha kazi hii kwenye maombi ya kazi, si mtandaoni." Jibu lihifadhi. Namba za simu na majina ya watu yatoe kwenye faili asilia kabla ya kutengeneza PDF. Boksi jeusi ulilochora juu ya maandishi halifuti kitu: mtu akiyateua, akanakili na kuyabandika kwingine, yanasomeka yote.

Hatua ya 6. Faili. PDF moja, chini ya MB 10. Gmail yenyewe ina kikomo cha MB 25, lakini baruapepe za ofisi nyingi hukataa mapema zaidi. Fonti ziwe ndani ya faili: ifungue kwa Acrobat Reader, nenda Properties, kisha Fonts, utafute maneno `Embedded` au `Embedded Subset` kando ya kila fonti. Yasipokuwepo, kompyuta ya mwajiri itaweka fonti yake na mpangilio wako utavurugika. Jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba, si `final_final3.pdf`.

Basi. Maswali chini.

Maswali ya wanachama

Mgeni wa Kisauni: Naomba templeti.

Mwandishi wa somo: Mfano umo hatua ya 3.

Mgeni wa Kisauni: Nataka ya kujaza tu, kaka.

Mwandishi wa somo: Ya kujaza tu ndiyo inayofanya potifolio zote zifanane. Soma hatua ya 3.

Rangi Tatu: Maneno yote hayo ya nini? Kizuri chajiuza.

Mwandishi wa somo: Sokoni, ndiyo. Mwajiri hanunui ile menyu, ananunua kichwa kilichofikiria ukanda wa bei. Kwenye picha ukanda huo unaonekana kama pambo. Usipomwambia, atajuaje?

Kijana wa Likoni: Nimetuma linki ya Drive ofisi nyingi, hakuna hata mmoja aliyejibu. Kuna ubaguzi tu.

Mwandishi wa somo: Fungua linki hiyo kwenye dirisha la faragha, ambako hujaingia kwa akaunti yako. Unaona nini?

Kijana wa Likoni: Inanitaka niingie kwa akaunti kwanza.

Mwandishi wa somo: Basi na wao walizuiwa hivyo hivyo. Bonyeza Share, chini ya General access iko `Restricted`. Ibadilishe iwe `Anyone with the link`, na uache kwenye Viewer. Kisha watumie tena, na safari hii ambatanisha PDF yenyewe.

Binti wa Tudor: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi, lakini kazi yangu hasa ni kuhariri. Makala zimetoka kwa majina ya wengine. Nitaonyesha nini?

Mwandishi wa somo: Marahaba binti. Swali zuri, na wengi wenu mko hapo. Usionyeshe makala nzima, maana msomaji hawezi kujua kipi ni chako. Chukua kipande kifupi, weka kabla na baada, kisha andika pembeni sababu. Nakutengenezea mfano wa tangazo la ploti:

*Kabla:* "Wapangaji wote wanataarifiwa kwamba kutokana na zoezi la usafishaji wa tangi, huduma ya maji itaathirika siku ya Jumamosi."

*Baada:* "Jumamosi maji yatafungwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, tangi likisafishwa. Jazeni mitungi Ijumaa usiku."

*Sababu:* "Itaathirika" haimwambii mpangaji afanye nini. Saa hazikuwemo kwenye rasimu, ilibidi msimamizi wa ploti aulizwe. Sababu ya kufunga ni fupi na inaweza kuja baadaye. Saa zitangulie, kwa sababu ndizo zinazotafutwa.

Ona kwamba kazi kubwa hapo ni kugundua kuwa saa hazipo. Kufupisha maneno ni kazi ndogo. Mhariri anayeajiri wahariri ataliona hilo papo hapo. Weka vipande vitatu vya aina hii, kila kimoja kiwe na kosa tofauti: kimoja cha habari iliyokosekana, kimoja cha mpangilio mbaya, kimoja cha lugha nzito. Na ruhusa ya mwenye makala uiombe hata kwa kipande kifupi.

Binti wa Tudor: Ahsante sana. Na zile zenye jina langu, kama saiti imefungwa?

Mwandishi wa somo: Tafuta anwani ya ukurasa kwenye web.archive.org, mara nyingi nakala ipo. Ukiipata ihifadhi kama PDF, tarehe ya kuchapishwa ionekane. Na kuanzia leo kila makala ikitoka, ihifadhi siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi Bamburi: Sina mteja hata mmoja. Nimetengeneza upya nembo za kampuni kubwa sita. Zinafaa?

Mwandishi wa somo: Hazifai. Hujui kwa nini nembo ile iko vile, wala nani angeikataa yako, kwa hivyo hatua ya 3 huna cha kuandika. Chukua kitu unachoweza kukifuata kwa miguu: orodha ya bei ya duka la leso Biashara Street, ama bango la kinyozi wa mtaani kwenu. Kaa hapo saa moja, andika wateja wanauliza nini. Maswali yanayojirudia ndiyo tatizo lako. Tengeneza, mpelekee mwenye duka, andika alichokataa. Juu ya ukurasa weka neno "Zoezi". Mbili za hivyo zatosha.

Mwanafunzi Bamburi: Alichokataa pia nikiandike?

Mwandishi wa somo: Hicho hasa. Na ulichobadilisha baada ya kukataliwa.

Fundi Chapa: Niongeze hapo kwenye ukubwa wa faili. Mwenye programu ya Ghostscript aandike amri hii, picha zinashuka mpaka dpi 150, kwenye skrini hakuna atakayejua:

```
gs -o ndogo.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook kubwa.pdf
```

Ile kubwa msiifute. Siku ya mahojiano mkitaka nakala ya karatasi, hiyo ndiyo ya kuleta kuchapa. Hiyo ndogo ikichapwa itaonekana ina ukungu.

Mwandishi wa somo: Naam, ahsante Fundi.

Rangi Tatu: Haya, nimekubali. Lakini hicho kifuko cha menyu mnakitoa wapi? Nina mteja Kongowea anataka kama hicho.

Fundi Chapa: Duka lolote la vifaa vya ofisi. Ulizia vifuko vya faili vya A4, vile vyenye matundu kando, kisha kata ule ukingo wenye matundu. Chukua vizito. Vyepesi vikishikwa na mikono ya mafuta ya biriani vinakunjamana, na ukanda hauingii tena.